Mkojo kukutoka ukinyanyua vyuma au ukikimbia: namna ya kupanga pumzi na misuli ya chini

Kila wiki naulizwa maswali yaleyale matatu. La kwanza: "Nikinyanyua chuma kizito mkojo unanitoka kidogo, niache jim?" La pili: "Nimefanya mazoezi ya kubana miezi miwili, mbona nikikimbia bado nalowa?" La tatu: "Nivute pumzi lini, niitoe lini?" Nafanya kazi ya fiziotherapia, na wengi wanaoniuliza ni kina mama waliorudi mazoezini baada ya kujifungua. Nimeona niyajibu yote kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili uweze kufuata ukiwa nyumbani na baadaye jim au barabarani.

Nianze na jambo ambalo wengi hawaambiwi: kunyanyua na kukimbia hakuhitaji msuli unaozuia mkojo utumike kwa namna moja. Unaponyanyua, unauandaa msuli kwa makusudi kabla mzigo haujaondoka chini. Unapokimbia, unauachia ufanye kazi wenyewe. Anayebana muda wote akikimbia mara nyingi ndiye anayevuja zaidi.

Kabla ya kuanza

Andaa mkeka, kioo kidogo cha mkononi, saa yenye sekunde, ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, na daftari. Daftari si pambo. Utaandika uzito, idadi ya marudio, na kama umevuja au hukuvuja. Bila hayo utajiona huendi popote hata kama unaendelea vizuri. Tenga wiki 12, kwa sababu misuli hii haibadiliki ndani ya wiki mbili.

Kama umejifungua karibuni, hatua ya 1 na ya 2 unaweza kuzianza mapema, mradi hakuna maumivu na mkunga au daktari wako hajakukataza. Vyuma vingoje uchunguzi wa wiki ya 6, na kukimbia kungoje walau wiki 12. Aliyejifungua kwa upasuaji asidhani haimhusu: mimba yenyewe imekaa juu ya misuli hii miezi tisa, na kidonda cha tumbo nacho kina muda wake wa kupona.

Usianze kabisa, nenda hospitali kwanza, kama kuna damu kwenye mkojo, ganzi sehemu za siri au kwenye mapaja kwa ndani, kushindwa ghafla kuzuia haja kubwa au kutoa mkojo, au nyama inayoonekana au kuhisiwa ikitokeza nje ya uke.

Nadharia kidogo tu

Fikiria ngoma yenye ngozi mbili, moja juu na moja chini. Ngozi ya juu ni kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Ngozi ya chini ni sakafu ya nyonga, misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ikishikilia kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Ubavu wa ngoma ni msuli wa ndani kabisa wa tumbo, unaokuzunguka kama kanga iliyofungwa kiunoni, na mgongoni kuna misuli midogo inayoshika pingili moja na nyingine.

Ukivuta pumzi, ngozi ya juu inashuka na ya chini inalegea na kushuka kidogo kuipokea. Ukitoa pumzi, zote mbili zinapanda na ile kanga inajikaza. Ukinyanyua kitu kizito, shinikizo ndani ya ngoma linapanda na kusukuma kila upande, chini kukiwamo. Ngozi ya chini ikiwa imeshajikaza kabla shinikizo halijafika, njia ya mkojo inabaki imefungwa. Ikichelewa, hata kwa kitambo kidogo sana, tone linatoka. Ndiyo maana kuna mwenye msuli wenye nguvu na bado anavuja: nguvu anazo, zinachelewa kufika.

Hatua

1. Jua pumzi yako inakwenda wapi. Lala chali, magoti yamekunjwa. Weka viganja kwenye mbavu za chini, vidole gumba vikielekea mgongoni. Vuta pumzi puani taratibu. Mbavu zinatakiwa kupanuka kwenda pembeni na kidogo nyuma, na tumbo kuinuka kidogo. Kama mabega ndiyo yanayopanda, au tumbo linaingia ndani ukivuta, baki hapa. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni mpaka mbavu zifunguke bila kuzilazimisha. Wengine huwachukua siku mbili, wengine wiki mbili.

2. Utafute msuli, kisha ujifunze kuuachia. Ukiwa umelala vilevile, fanya kama unazuia ushuzi mbele za watu na wakati huohuo unazuia mkojo, halafu vuta sehemu hiyo kwa ndani na kuelekea juu. Mwanaume afikirie kupandisha korodani. Makalio, mapaja na taya vibaki vimelegea.

Shika kioo utazame msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukikaza, unatakiwa uuone ukiingia ndani. Ukiona unatokeza kukifuata kioo, unasukuma kama mtu anayejikamua chooni, na huko ni kujiumiza. Acha, pumua mara tatu, jaribu kwa nusu ya nguvu.

Ukishaupata, kaza kwa sekunde 6 hadi 8 huku unapumua, achia kabisa kwa muda uleule, rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Kuachia kuna uzito sawa na kukaza. Subiri mpaka uhisi msuli umeshuka ndipo ukaze tena.

Onyo: usijifunze kwa kukatisha mkojo katikati ukiwa chooni. Unaweza kufanya hivyo mara moja kujua msuli uko wapi, lakini ukifanya mazoea unakivuruga kibofu, hata kishindwe kujimaliza vizuri.

3. Funga msuli kwenye pumzi. Vuta pumzi, achia sakafu. Anza kutoa pumzi kwa midomo iliyochongoka kama unapooza chai, na pumzi ikiwa ndiyo kwanza inatoka, pandisha sakafu. Weka vidole viwili ndani kidogo ya mifupa ya nyonga, kwa mbele. Utahisi ile kanga ikijikaza chini ya vidole, polepole. Hukuiamrisha, imekuja yenyewe kwa sababu hufanya kazi pamoja na sakafu. Lakini tumbo likivimba na kusukuma vidole nje, umekaza kupita kiasi.

Fanya mara 10 ukiwa umelala, kisha umekaa, kisha umesimama. Ukisimama itakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sasa sakafu imebeba uzito wa viungo vya ndani.

4. Jipime kwa kikohozi. Simama, kibofu kikiwa na mkojo wa wastani. Pandisha sakafu, ishikilie, kisha kohoa mara moja. Linganisha na kikohozi ambacho hukujiandaa. Kama cha kwanza ni kikavu na cha pili kina tone, habari ni njema: msuli upo, unachohitaji ni kuuwahisha. Kuanzia leo usikohoe wala kupiga chafya bila kukaza kwanza. Baada ya wiki kadhaa mwili huanza kuwahi bila kukumbushwa.

5. Nyanyua ndoo. Tia lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10. Simama karibu nayo, miguu imeachana kwa upana wa nyonga. Mpangilio ni huu, na usiuruke:

Vuta pumzi ukishuka. Shika mpini. Anza kutoa pumzi. Pandisha sakafu. Ndipo unyanyue, pumzi ikiendelea kutoka mpaka umesimama wima. Ukiwa juu, achia, pumua kawaida.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kunyanyua na kutoa pumzi kwa pamoja, au kunyanyua kwanza na kukumbuka pumzi katikati ya njia. Pumzi inatangulia mzigo. Kosa la pili ni kupuliza kwa nguvu kama unazima moto, na hapo unasukuma chini badala ya kupandisha.

Fanya seti 3 za mara 8, siku tatu kwa wiki. Ukimaliza wiki bila tone, jaza ndoo mpaka lita 20.

6. Rudi kwenye chuma. Tafuta kwanza mpaka wako: uzito gani, na katika rudio la ngapi, ndipo unavuja? Andika. Shuka robo ya uzito huo, uanzie hapo. Aliyevuja kwa kilo 60 aanze na 45. Fanya marudio 5, na kila rudio livutie pumzi mpya chuma kikiwa chini. Usikidundishe na kukiunganisha, kwa sababu kwenye marudio ya kuunganisha mtu hupoteza mpangilio kwenye la tatu au la nne. Usipovuja katika mazoezi matatu mfululizo, ongeza kilo 2.5 hadi 5.

Swali la kubana pumzi halikwepeki. Makocha wengi hufundisha kujaza pumzi na kuibana, na hawakosei: pumzi iliyobanwa hukaza kiwiliwili chote na kulinda mgongo, na mzigo ukifika kwenye asilimia 80 hivi ya uwezo wako wote utaibana utake usitake. Ninachosema ni kwamba usibane pumzi kwenye mizigo ambayo hauhitaji, na ukibana, ufanye hivi: jaza mbavu kwa pumzi ya wastani, kama theluthi mbili, si mpaka shingo isimame. Pandisha sakafu kabla ya kubana koo. Kaza tumbo pande zote bila kulisukuma mbele. Nyanyua, na ukivuka sehemu ngumu, achia pumzi kidogokidogo kwa midomo. Mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuambiwa kizazi kimeshuka asibane pumzi kabisa mpaka aongee na daktari wake.

Mkanda wa kiunoni huongeza shinikizo ndani ya ngoma. Kwa anayevuja, auweke kando kwenye mizigo myepesi na ya kati.

7. Jipime kabla ya kukimbia. Tembea haraka dakika 30. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kila upande. Kunja goti ukiwa kwenye mguu mmoja mara 10. Kimbia papo hapo dakika 1. Ruka kwa mguu mmoja mara 10, kila upande. Ukivuja, ukihisi uzito ukeni, au ukisikia maumivu ya nyonga katika lolote kati ya hayo, rudi kwenye hatua ya 5 kwa wiki mbili ujipime tena.

8. Kimbia bila kubana. Mguu unapotua, ardhi inakurudishia mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wako, na hilo hutokea zaidi ya mara 150 kwa dakika. Hakuna mtu anayeweza kukaza na kuachia kwa makusudi kwa kasi hiyo. Mwili una namna yake: sakafu hujikaza kabla mguu haujagusa chini, na hujibu tena unapogusa. Ili ijibu, inahitaji nafasi ya kushuka na kupanda. Ukiwa umeibana kuanzia mwanzo inachoka, na ikishachoka haina tena pa kupanda.

Kwa hiyo kazi yako ni pumzi na miguu. Pumzi: vuta kwa hatua 3, toa kwa hatua 2, au 2 kwa 2 ukiongeza mwendo. Ipo faida ya 3 kwa 2: jumla ni tano, hivyo mwanzo wa kutoa pumzi hauangukii mguu uleule kila mara. Usiigeuze kuwa adhabu lakini. Kipimo kizuri zaidi ni kwamba unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Miguu: hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Hizo ni hatua zako kwa dakika. Ziongeze kwa asilimia 5 kwa mwendo uleule, yaani hatua fupi na nyingi zaidi. Mguu utatua karibu na mwili na kishindo kitapungua. Kiwiliwili kiinamie mbele kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu, mbavu zikae juu ya nyonga. Usivute tumbo ndani.

Anza na dakika 1 ya kukimbia na dakika 2 za kutembea, mara 8, siku ambazo hazifuatani. Ukienda wiki nzima bila dalili, geuza: dakika 2 kukimbia, 1 kutembea.

Mama mmoja, wiki 12

Alikuja akiwa na watoto wawili, mdogo ana miezi 10. Alikuwa akivuja kwenye rudio la nne la kilo 60, chuma kutoka sakafuni, na kwenye kukimbia alilowa kuanzia kilomita ya pili. Nilimwambia anyanyue kilo 40 nimtazame. Alijaza pumzi akiwa bado amesimama, akainua kidevu, akashuka nayo imebanwa, na tumbo likasukuma mkanda mbele kabla chuma hakijatikisika. Shinikizo lilikuwa limeshajaa juu kabla hajaanza kazi, na huko chini hakuna aliyeandaa chochote. Kikohozi chake cha kujiandaa kilikuwa kikavu. Yaani nguvu zilikuwepo.

Tulivua mkanda, tukaanza na kilo 45, pumzi mpya kila rudio, kidevu kikiwa chini. Wiki ya 4 alikuwa kwenye 50. Wiki ya 6 alivuja tena kwenye 55, na daftari lilituonyesha kwa nini: siku hiyo alikuwa amepata usingizi wa saa nne tu kwa sababu ya mtoto, na alikuwa hajapata choo siku tatu. Tulirudi 50 kwa wiki moja. Wiki ya 11 alinyanyua 60 mara tano bila tone, akiweka chuma chini na kupumua kati ya kila rudio.

Kukimbia kulinifundisha zaidi. Nilimuuliza anafanya nini na misuli ya chini akiwa barabarani. "Nabana, dokta. Nabana kuanzia getini mpaka nirudi." Hatua zake zilikuwa 156 kwa dakika, ndefu, kisigino kikitua mbali mbele. Tukazipandisha hadi 164, na nikamwambia asibane chochote, apumue tu na kuhesabu. Wiki ya kwanza aliogopa, akavaa pedi nzito. Mwisho wa wiki ya 12 alikuwa anakimbia kilomita 4 mfululizo akiwa mkavu. Kwenye mteremko mkali bado anapoteza tone moja au mawili, hivyo kwa sasa anaushuka kwa kutembea.

Ukikwama

*Nimefika wiki ya 8 sioni mabadiliko.* Rudi kwenye kioo. Wengi ninaowakuta hapa wanasukuma chini wakidhani wanapandisha. Ikiwa kioo kinaonyesha sawa, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na nyonga akupime kwa mkono.

*Kadiri ninavyokaza ndivyo inavyozidi.* Jiulize kama tendo la ndoa linauma, mkojo unachelewa kuanza, au choo kinatoka kwa shida. Dalili hizi zikiwa pamoja, huenda msuli wako umekakamaa, haujalegea. Acha kukaza kwa wiki mbili, fanya hatua ya 1 tu, mara nyingine ukiwa umepiga magoti na paji la uso limeegemea mto. Ukipata nafuu, hiyo ndiyo njia yako, na inafaa uwe na mtaalamu.

*Mwanzo wa mazoezi niko mkavu, mwisho navuja.* Ni uchovu. Punguza seti, si uzito. Kwa mkimbiaji, simamisha mbio dakika mbili kabla ya pale daftari linaposema uvujaji huanza, na usogeze mpaka huo kidogokidogo.

*Nahisi kama kuna yai limekaa ukeni jioni baada ya mazoezi.* Simamisha vyuma na mbio, ukachunguzwe kama kizazi au kibofu kimeshuka. Wengi wenye hali hiyo huendelea na mazoezi, ila kwa mizigo iliyopangwa upya, na baadhi husaidiwa na pete inayowekwa ukeni.

*Nimeacha kunywa maji ili nisivuje.* Usifanye hivyo. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na maji kidogo hufanya choo kigumu, na kujikamua chooni kila siku kunaisukuma sakafu chini kuliko chuma chako cha Jumamosi. Kunywa kawaida, nenda chooni mara moja kabla ya kuanza, na uache tabia ya kwenda kila dakika kumi "isije ikatokea".

*Mkojo unanibana ghafla, hata nikiwa nimekaa, na unatoka kabla sijafika chooni.* Hilo ni tatizo la kibofu chenyewe, au maambukizi, na mpangilio wa pumzi kwenye chuma hautalitibu. Kapime mkojo kwanza.